Uzi: Maelekezo ya kuhariri picha kwa akili mnemba, kipi kibaki na kipi kibadilike?

#1 BintiKariakoo

Wakuu, habari za leo. Ninauza khanga Mtaa wa Kongo, na wateja wangu wengi huagiza kwa simu baada ya kuona picha. Picha ninazipiga palepale dukani, khanga ikiwa imetandazwa juu ya meza ya mbao, na nyuma yake huonekana marobota, mifuko na miguu ya wapita njia. Kwa hiyo hutumia programu ya akili mnemba kuyaondoa ya nyuma na kuweka mandhari safi.

Mandhari huja nzuri sana, ila khanga hairudi kama ilivyokwenda. Mara ya mwisho niliandika hivi: "Weka khanga hii kwenye mandhari nyeupe ya kupendeza, usibadilishe khanga, ionekane ya kisasa na yenye mvuto." Khanga ilikuwa na jina WEMA HAUOZI, ikarudi imeandikwa WEMA HAUQZI. Korosho za kwenye pindo ziligeuka majani, na wekundu wake ukasogea kwenye rangi ya chungwa. Mnunuzi wa khanga husoma jina kabla ya kuuliza bei, kwa hiyo picha ya namna hiyo siwezi kumtumia mtu.

Nimeona kwamba nikitenganisha maelekezo katika vipande viwili, kimoja cha yanayobaki na kingine cha yanayobadilika, matokeo huwa na nafuu. Naomba wenye ujuzi mnieleze kwa nini iwe hivyo, vipande hivyo vipangwe vipi, na kwa nini herufi huendelea kuharibika hata nikipanga vizuri.

#2 Kijana_wa_Sinza

Dada, jibu ni mpangilio. Programu husoma kuanzia mwanzo, na maneno ya mwanzo ndiyo yenye uzito mkubwa. Wewe ulitanguliza "weka kwenye mandhari nyeupe", katazo likaja katikati likiwa limekwisha nguvu. Anza na "USIBADILISHE KHANGA" kwa herufi kubwa, rudia mara mbili ikibidi, kisha ndipo utaje mandhari. Mimi hutengeneza mabango ya matamasha kwa njia hiyo na sipati shida.

#3 Msanifu_Upanga

Salaam wote. Nafanya usanifu wa vitabu na katalogi, na suala hili nakutana nalo kila wiki, kwa hiyo naomba nilijibu kwa urefu kidogo.

BintiKariakoo, kabla ya kuzungumzia mpangilio, tazama sentensi yako ilivyobeba. Ina agizo la kubadilisha mandhari, ina katazo la kutogusa khanga, kisha mwishoni inasema "ionekane ya kisasa na yenye mvuto". Ni nini kionekane cha kisasa? Khanga na mandhari zote huchukua "i", kwa hiyo hata msomaji mwenye akili timamu anaweza kudhani ni khanga. Ukiiambia modeli kitu kiwe cha kisasa, itafanya kazi hiyo: itaongeza mng'ao wa rangi, italainisha michoro na itaunyoosha mkunjo. Umekataza kwa mkono mmoja na kuruhusu kwa mwingine.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kutenganisha vipande. Kila sifa inalazimika kuwa na mwenyewe. Ukiandika kipande cha mabadiliko peke yake, utaona mara moja kwamba "ya kupendeza" na "yenye mvuto" hazina pa kukaa, kwa sababu haziagizi kitu chochote kinachoweza kuchorwa. Ziondoe kabisa.

La pili ni kwamba "usibadilishe khanga" ni pana mno. Modeli haijui kwako khanga ni nini: ni umbo la kitambaa, ni rangi, ni jina, au ni kule kuwepo tu kwa kitambaa chekundu chenye maua? Ukiacha wazi, itabakiza kile inachokiona kikubwa, yaani kitambaa chekundu chenye michoro kitakuwepo, nayo itaona imetii. Taja kila sehemu unayotaka ibaki, kwa jina lake. Halafu andika kwa kukubali badala ya kukataza: "maandishi yabaki WEMA HAUOZI" ni bora kuliko "usiharibu maandishi". Modeli za picha zilifunzwa kwa picha zenye maelezo, na maelezo ya picha husema kilichopo. Ni nadra mtu kuandika chini ya picha kwamba ndani yake hamna tembo, ndiyo maana makatazo hushikwa kwa ulegevu.

La tatu nitaliandika baadaye, kwa sababu ndilo gumu: kuna vitu ambavyo havimo kwenye kubaki wala kwenye kubadilika.

#4 Mzee_wa_Ilala

Binti yangu, shuka jeupe pale Kariakoo lapatikana duka la pili kutoka kwako. Litandaze mezani, piga picha, na uzi huu uishie hapa. Au vijana wa siku hizi shuka mmelisahau?

#5 BintiKariakoo

Shikamoo Mzee. Shuka ninalo, na picha za doti za bei kubwa ninazipiga kwa shuka. Tatizo ni kwamba mzigo mpya ukifika huwa na majina mengi kwa siku moja, meza ni moja na wateja wamesimama, kwa hiyo napiga haraka na kusafisha usiku nikiwa nyumbani. Msanifu, ahsante, nasubiri hilo la tatu.

#6 Karani_Mstaafu

Nimelisoma swali, na mimi naliona ni suala la mikataba. Ninaandika mikataba ya pango kwa wenye nyumba hapa Temeke. Nilimpa mtu mkataba ausafishe kwa akili mnemba, agizo likiwa "boresha Kiswahili cha mkataba huu". Ulirudi ukisomeka vizuri, lakini palipoandikwa "notisi ya miezi mitatu" pakawa "notisi ya siku 90". Miezi mitatu kuanzia tarehe 1 Julai ni siku 92, kwa hiyo mpangaji amepoteza siku mbili bila mtu yeyote kukusudia.

Tangu hapo agizo langu lina sehemu mbili. Ya kwanza husema: majina, kiasi cha fedha, tarehe, muda wa notisi na namba za vifungu vibaki neno kwa neno. Ya pili husema: rekebisha tahajia na alama za uandishi pekee. Kisha naongeza sentensi moja ya kutaka niorodheshewe kila kilichoguswa, cha zamani kando ya kipya. Nafikiri dada wa khanga naye aombe orodha hiyo.

#7 Mchambuzi_Msimbo

Karani, mfano wako ni mzuri kwa maandishi, lakini kwa picha orodha hiyo haitamsaidia. Kwenye maandishi unaweza kulinganisha neno na neno. Kwenye picha, programu ikisema "sijagusa khanga", hayo ni maneno tu, hayatokani na kupima picha. Lazima apime mwenyewe, na njia nitaieleza.

Kwa Kijana_wa_Sinza (#2): kuna ukweli kidogo katika usemi wako, ila umeupeleka mbali. Kwa baadhi ya modeli za zamani za kutengeneza picha kwa maneno, maelezo marefu yalikatwa mwishoni, hivyo kilichotangulia kilikuwa salama. Hilo si sawa na kusema kwamba neno la kwanza lina uzito kuliko la kumi. Herufi kubwa nazo siyo amri.

Ninapenda tuangalie modeli mojawapo ya mwanzo za kuhariri picha kwa agizo, InstructPix2Pix, iliyotolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kalifonia, Berkeley, mwaka 2022. Ilifunzwa kwa jozi za picha zaidi ya 450,000, picha ya kabla na ya baada, kila jozi ikiwa na agizo moja fupi. Agizo lilitaja badiliko tu. Yaliyobaki hayakutajwa, modeli ilijifunza kuyabakiza kwa kuona kwamba katika jozi hayakubadilika. Na uaminifu kwa picha ya awali ulikuwa namba inayowekwa kando ya maneno:

```
guidance_scale = 7.5
image_guidance_scale = 1.5
```

Ya juu huamua agizo lifuatwe kwa nguvu kiasi gani, ya chini huamua picha ya awali ishikiliwe kiasi gani. Ukipandisha ya chini, kila kitu kinabaki, hata ulichotaka kibadilike. Kwa modeli ile, kuandika "khanga ibaki" hakukuwa na kazi kubwa. Modeli za karibuni, kama FLUX.1 Kontext ya mwaka 2025, zinaelewa sentensi ya kubakiza, na waliozitengeneza wenyewe wanashauri kutaja kinachobaki pamoja na kinachobadilika. Kwa hiyo jibu la "kwa nini kutenganisha kunasaidia" linategemea unatumia modeli ipi.

#8 Kijana_wa_Sinza

Mchambuzi, sikatai hayo ya Berkeley, lakini mimi nasema ninachokiona kwenye simu yangu leo. Nikitanguliza kinachobaki, sura ya msanii kwenye bango inatoka vizuri. Nikikiweka mwisho, anakuwa mtu mwingine. Mtaniambia ni bahati?

#9 Msanifu_Upanga

Kijana, inawezekana si bahati na bado isiwe uzito wa neno la kwanza. Unapotanguliza kinachobaki, kwa kawaida unakieleza kwa urefu, kwa sababu ndicho unachokianza ukiwa na utulivu. Ukikiweka mwisho unaandika maneno mawili, "sura ibaki". Jaribu kuchukua sentensi zilezile kabisa, bila kupunguza neno, ubadilishe nafasi zake tu, kisha utuletee matokeo. Mimi huanza na badiliko, kwa sababu nataka wazo moja liwe kazi na mengine yawe mipaka ya kazi hiyo, lakini sina ushahidi wa kumshinda anayeanza na mipaka.

#10 Studio_Mbagala

Habari zenu. Mimi nina studio ya picha za pasipoti, na nilifunzwa na mteja kwa uchungu. Alitaka mandhari ya nyuma ibadilishwe, nikaandika agizo la mandhari tu, sikusema lolote kuhusu uso. Mandhari ilibadilika vizuri, lakini ofisi aliyoipelekea ikairudisha kwa maelezo kwamba sura haifanani. Nilipokuza picha niliona kovu dogo la kwenye nyusi limefutika na ngozi imelainishwa.

Sasa ninataja uso, nyusi, makovu, masikio na mstari wa nywele, na hali imekuwa bora, lakini picha ya kitambulisho siipitishi tena kwenye programu hizi. Ninakata mtu kwa mkono na kumweka juu ya mandhari. Swali langu kwa Mchambuzi: kama sikuuagiza uso uguswe, kwa nini uliguswa?

#11 Mchambuzi_Msimbo

Studio, uamuzi wako wa kukata kwa mkono ni sahihi kwa picha za kitambulisho, na usiuache.

Kuhusu swali lako, hapa ndipo jibu la maneno linapokwisha na jibu la mashine linapoanza. Modeli nyingi za aina hii haziigusi picha yako moja kwa moja. Kwanza huibana, na katika modeli nyingi zinazojulikana kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 hugeuzwa kuwa sehemu moja ya muhtasari. Kazi ya kuhariri hufanyika ndani ya muhtasari huo, kisha picha nzima huchorwa upya kutoka hapo. Picha nzima, siyo mandhari peke yake. Kwa hiyo uso wa mteja wako ulichorwa upya hata kama agizo halikuutaja, na kovu lililokuwa dogo kuliko mraba halikuwa na pa kukaa.

Sasa nirudi kwa khanga ya BintiKariakoo tupige hesabu. Khanga moja ina upana wa kama sentimita 150. Tuseme picha inayochakatwa ina upana wa pikseli 1024, na khanga imechukua nusu ya upana huo, yaani pikseli 512. Kila sentimita ya kitambaa inapata pikseli tatu na kitu. Herufi za jina zikiwa na kimo cha sentimita 4, kila herufi ina kimo cha pikseli 14 hivi, pungufu ya miraba miwili. Ndani ya miraba miwili, tofauti ya O na Q ni kijimkia ambacho muhtasari hauna nafasi ya kukihifadhi. Modeli inapochora upya, inakisia. Hapo hata uandike mipaka kumi, kilichopotea hakirudi kwa maneno.

Ukiikaribia khanga ijae upana wote wa picha, herufi ileile inapata pikseli 27, zaidi ya miraba mitatu. Hilo litakusaidia kuliko kubadilisha mpangilio wa vipande.

#12 BiMagomeni

Assalaam aleykum. Nimeuza khanga tangu wengi wenu hamjazaliwa, na akili mnemba siijui, ila nimesikia Msanifu akisema kila sehemu itajwe kwa jina lake. Basi tajeni vizuri. Khanga ina pindo, ambalo huzunguka pande zote nne. Ina mji, ambao ni uwanja wa katikati. Na ina jina, ambalo hukaa ndani ya mji upande wa chini, juu kidogo ya pindo la chini. Nimeona kwenye kundi moja la simu kijana kaandika "maandishi ya katikati yabaki", na picha ikaja na jina limepandishwa katikati kabisa ya mji. Mtu anayejua khanga akiona hivyo ataona ni kitambaa cha kuigiza.

Jambo jingine, upande wa kulia wa picha uangaliwe. Mwanangu aliwahi kunionyesha khanga iliyorudi pindo lake la kulia limekuwa jembamba kuliko la kushoto, nasi tunajua mapindo mawili ya pembeni hulingana.

#13 Msanifu_Upanga

Shikamoo Bi. Umetufaa sana, na nitayatumia majina hayo. Hili sasa ndilo la tatu nililoahidi.

Tunapotenganisha yanayobaki na yanayobadilika, tunasahau vitu vya mpakani. Khanga iko juu ya meza ya mbao. Kivuli chake kimeangukia mbao. Ukibadilisha meza, kivuli ni cha nani? Siyo cha khanga, kwa sababu kimelala juu ya meza. Siyo cha meza, kwa sababu kimetokana na khanga. Usipokitaja, modeli huamua yenyewe: ama itakifuta na khanga itaonekana inaelea, ama itabuni mwanga mpya kutoka upande mwingine, kisha itaipaka khanga mwanga huo. Nadhani wekundu kugeuka rangi ya chungwa, BintiKariakoo, ulianzia hapo. Uliposema "ya kupendeza", modeli ilileta mwanga wa vuguvugu, na mwanga hauchagui, huangukia kila kitu.

Kwa hiyo mimi huandika vipande vinne, kila kimoja kwa mstari wake:

```
Picha iliyopo: khanga nyekundu moja imetandazwa juu ya
meza ya mbao, imepigwa kutoka juu.
Badilisha: meza na vyote vinavyoonekana nje ya kingo za
khanga viwe kitambaa cheupe kilichonyooka.
Ibaki kama ilivyo: pindo lote pande nne pamoja na korosho
zake, mji, jina WEMA HAUOZI ndani ya mji upande wa chini,
wekundu wa kitambaa, mikunjo, ukubwa wa khanga, mahali
ilipo katika picha na pembe ya kamera.
Ifuate badiliko: kivuli cha khanga kiangukie kitambaa
cheupe, mwanga utoke upande uleule wa sasa na uwe na
rangi ileile.
```

Mstari wa kwanza humwambia msomaji kipi ni kipi, ili "khanga" na "meza" ziwe na maana moja hadi mwisho. Wa pili una tendo moja tu. Angalia pia kwamba nimeandika mpaka wa badiliko, "nje ya kingo za khanga", kwa sababu neno "mandhari" lina utata: je, meza iliyo chini ya khanga ni mandhari? Mstari wa mwisho ndio watu wengi hawana.

Na kama utahariri tena picha hiyohiyo, rudi kwenye picha ya awali uandike maagizo yote upya. Usihariri iliyokwisha kuhaririwa, kwa sababu kila mzunguko huchora upya juu ya makosa ya uliotangulia.

#14 Karani_Mstaafu

Hilo la mpakani lipo hata kwenye mikataba. Ukibadilisha namba ya kifungu cha 4, kila mahali palipoandikwa "rejea kifungu cha 4" panapaswa kufuata. Mimi nilikuwa nimeviweka kwenye yanayobaki neno kwa neno, kumbe ni vya kundi la tatu. Nashukuru.

#15 BintiKariakoo

Nimerudi na matokeo. Nilipiga upya khanga ileile, safari hii nikiwa nimesogea mpaka ikajaa picha, nikatumia vipande vinne vya Msanifu bila kubadilisha neno. Wekundu umebaki. Korosho zimebaki korosho. Kivuli kipo, chepesi, upande wa kushoto kama dukani. Jina linasomeka WEMA HAUOZI, ingawa nikikuza naona Z imekuwa nene kuliko Z ya kwenye kitambaa.

Kisha nikajaribu khanga nyingine ambayo herufi zake ni ndogo zaidi, na hiyo imeharibika tena herufi mbili. Mchambuzi, ulisema kuna njia ya kupima. Nifanyeje na hizi za herufi ndogo?

#16 Mchambuzi_Msimbo

Kupima kwanza. Fungua picha ya awali kwenye programu ya kuhariri yenye tabaka, GIMP au Photopea, kisha weka picha mpya juu yake kama tabaka la pili. Zikiwa hazilingani ukubwa, zilinganishe kabla ya kuendelea, kwa sababu programu nyingi hurudisha picha kwa vipimo vingine. Badilisha hali ya tabaka la juu iwe `Difference`. Palipobaki vilevile patakuwa peusi, palipobadilika patang'aa. Mwenye kompyuta na ImageMagick anaweza kuandika:

```
magick awali.png mpya.png -compose difference -composite tofauti.png
```

Usitegemee weusi kamili, kwa sababu ya kule kuchorwa upya nilikokueleza. Angalia mambo mawili. Ukiona kingo za michoro zote zimejichora kama mistari miwili sambamba, khanga imesogea. Ukiona weusi kila mahali isipokuwa kwenye jina, khanga haikusogea, ni herufi tu zilizokisiwa.

Hali hii ya pili ndiyo unayoitaka, kwa sababu tiba yake ni rahisi. Chukua khanga kutoka picha ya awali, ikate kwa kufuata kingo zake, iweke juu ya picha mpya mahali palepale. Mandhari na kivuli vitakuwa vya picha mpya, kitambaa chote kitakuwa kile ulichokipiga kwa kamera, pamoja na Z yake. Ndiyo maana, katika maelekezo ya Msanifu, maneno ninayoyathamini kuliko yote ni "ukubwa wa khanga, mahali ilipo katika picha na pembe ya kamera". Rangi ikikosewa utairudisha, herufi ikikosewa utaibandika, lakini khanga ikisogea au ikipinda, ya awali haitakaa juu yake.

#17 Msanifu_Upanga

Hapo tunatofautiana kidogo na Mchambuzi. Kama mwishowe unabandika khanga ya awali, basi orodha ndefu ya pindo, korosho na mji haina kazi tena, na ningeifupisha ibaki mahali, ukubwa na kamera. Lakini asiye na kompyuta, anayefanya kila kitu kwa simu akiwa kwenye daladala, hana tabaka wala mkasi, naye anahitaji orodha nzima. Nisingependa tumwambie kwamba maneno hayana faida.

#18 Mchambuzi_Msimbo

Sijasema hayana faida. Nasema yana ukomo, na ukomo wenyewe uko kwenye pikseli. Photopea hufunguka hata kwenye kivinjari cha simu, ingawa nakubali kukata kwa kidole ni kazi.

#19 Studio_Mbagala

Nitatumia kivuli cha picha mpya namna hii kwa picha za harusi pia. Je, mteja akitaka khanga ionekane ufukweni Coco jioni, jua likizama, na hapohapo rangi ibaki ileile? Nimeulizwa hivyo na mwenye duka mmoja.

#20 BiMagomeni

Mwanangu, jua la magharibi likiangukia khanga nyeupe huwa si nyeupe tena. Kila aliyetembea ufukweni anajua. Mwambie achague: anauza khanga au anauza machweo?

#21 Msanifu_Upanga

Bi amesema. Maelekezo hayo yana amri mbili zinazogombana, na kuzitenganisha kwenye mistari tofauti hakuondoi ugomvi, kunauonyesha tu. Modeli itachagua moja, na mara nyingi huchagua mwanga, kwa sababu mwanga hugusa picha yote. Mimi ningeandika ufukwe wa saa nne asubuhi wenye wingu jepesi. Mchambuzi labda angebandika khanga ya dukani juu ya machweo, lakini itaonekana imebandikwa.

#22 Kijana_wa_Sinza

Nimefanya jaribio la Msanifu (#9), sentensi zilezile, nafasi zimebadilishwa. Kwa bango moja sikuona tofauti. Kwa lingine, lenye wasanii watatu, kutanguliza kinachobaki kumetoa sura bora. Naendelea kuamini mpangilio una kazi, hasa watu wakiwa wengi kwenye picha.

#23 Mchambuzi_Msimbo

Matokeo hayo hubadilika hata bila kugusa neno, kwa sababu kila mara modeli huanza na chembechembe za nasibu tofauti. Kama programu yako inaruhusu kuweka `seed`, yaani namba inayoamua chembechembe hizo, iweke ileile kwa majaribio yote mawili, kisha rudia bango la wasanii watatu. Tofauti ikibaki, nitakuunga mkono.

#24 Kijana_wa_Sinza

Yangu haina sehemu ya kuweka `seed`. Nitatafuta yenye nayo nirudi.

#25 BintiKariakoo

Ahsanteni nyote. Za herufi kubwa nitaendelea na vipande vinne kwa simu. Za herufi ndogo nimempa mdogo wangu azikate kwa kompyuta, na khanga ya kwanza aliyobandika haijasogea hata kidogo. Mzee wa Ilala, shuka nalo nimelinunua la pili.